Uzito wa Keria

Kwa miaka thelathini na minane kazi yake ilikuwa kuwaambia watu uzito wa mali yao, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwambia pima tena. Ndiyo maana walimwita Mzee Kilo, hata alipokuwa kijana asiye na mvi wala umri wa kuitwa mzee. Alikuwa karani wa mizani katika ghala la nafaka. Gunia liliwekwa juu ya sahani ya chuma, mkono wa mizani ukatulia, naye akatamka tarakimu tatu bila kupumua katikati: jumla, toa, safi. Jumla ni uzito wote. Toa ni uzito wa gunia lenyewe na kamba yake. Safi ndicho alichokileta mkulima. Alitamka hivyo mara mia kwa siku, na siku alipostaafu wenzake walimpa mizani ya kuning'iniza, yenye kulabu chini na sahani ya mshale kama ya saa mbele, inayopima mpaka kilo hamsini. Mkewe alisema wangempa saa ya mkono. Mzee Kilo alisema saa inamwambia mtu anachokijua.

Mali yake nyingine ya thamani ilikuwa baiskeli. Nyeusi, ya chuma kizito, ya zile zinazomkubali mtu na mzigo wake bila kulalamika. Nyuma ilikuwa na keria pana ya vyuma vinene aliyoiunganisha mchomeleaji mwaka ule alipooa, kwa sababu ile iliyokuja na baiskeli ilikuwa ya kubebea mkoba na yeye alikuwa anabeba mke. Kila asubuhi, tangu enzi za ghala hadi alipotimiza miaka sabini na moja, alitoka nayo. Usiku ililala ukumbini, yaani ile njia nyembamba inayotoka mlango wa mbele, ikapita chumba cha kulala, hadi jikoni na msalani. Iliegemea ukuta wa kushoto, na kwa miaka yote hiyo watu wa nyumba ile walipita ubavuubavu, kama kaa.

Mkewe alipopooza upande mmoja, ukumbi ukawa tatizo.

Ilikuwa Jumatatu. Binti yao, ambaye aliomba ruhusa ya wiki mbili kazini ili amuuguze mama, alirudi kutoka hospitali na utepe wa kupimia na habari. Habari ilikuwa kwamba mama angeruhusiwa Jumamosi, na kwamba angekuja na chuma cha kutembelea, kile cha miguu minne ambacho mgonjwa hukisukuma mbele, akapiga hatua, akakisukuma tena. Utepe ulikuwa wa ukumbi.

"Ukumbi una sentimita tisini na tano," alisema binti akiwa amepiga magoti. "Chuma cha mama kina sitini na tatu. Baiskeli yako, baba, na usukani wake, inakula hamsini na nane."

"Najua kutoa," alisema Mzee Kilo.

"Basi toa."

Alitoa kichwani. Jibu halikuwa zuri.

"Mama hawezi kupita ubavuubavu," alisema binti. "Na kwenda msalani ni lazima apite hapa. Mpwa wako ameniuliza mara tatu kama unaiuza. Hata akipewa bure ataitunza."

"Ataitunza kama anavyotunza meno yake."

"Nje je?"

"Ikilala nje siku moja, ya pili haitalala."

Hilo binti hakulibishia. Alikunja utepe, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, akamtazama baba yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na alizaliwa na mama wa maneno mengi, kwa hiyo alijifunza mapema kuchagua.

"Jumamosi mama anaingia," alisema. "Kama baiskeli itakuwa chini hapa, mpwa wako ataichukua Ijumaa jioni. Ukiipandisha ukutani, au darini, au mbinguni, sina neno."

Mzee Kilo akatazama juu. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa seremala, rika lake, mtani wake wa miaka mingi, mtu aliyekuwa na penseli nyuma ya sikio hata msibani. Aliitwa, akaja na ngazi yake begani, akaangalia dari.

"Dari hii ni ubao laini tu," alisema. "Ukiupigia skrubu, utashika kofia. Baiskeli inataka boriti." Akapanda ngazi, akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko, ilisema dari, sauti ya debe tupu. Kisha sauti ikawa nzito na fupi. Akachoma hapo kwa msumari mwembamba, akasikiliza mkono wake, akatia alama ya penseli. Boriti ya pili akaikuta sentimita sitini mbele. "Mungu kakupa mbao mbili, nene, na hazijaliwa na mchwa. Sasa nipe uzito."

"Ngoja."

Mzee Kilo alitoa mizani yake sandukuni. Wakaitundika kwenye ngazi iliyofunguliwa, wakainyanyua baiskeli, wakaining'iniza kwa mkanda uliopitishwa chini ya bomba la juu. Mshale ulicheza, ukatulia. Mzee Kilo aliusoma kwa macho yaliyofumbika nusu, midomo ikicheza, mkono wa kulia ukiandika hewani. Kisha akatamka.

"Kumi na saba nukta mbili."

Seremala hakuisoma sahani. Kwa nini aisome? Ni sawa na kumwomba kadhi akuonyeshe kitabu. Aliandika 17.2 kwenye kipande cha boksi, akaenda sokoni, akarudi na pakiti yenye picha ya baiskeli ikiruka hewani na mwanamke akiitazama kwa furaha. Ndani kulikuwa na makapi mawili, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba, kulabu mbili zilizovikwa mpira, kamba ya nailoni, na kibano cha kufungia kamba ukutani. Kwenye pakiti imeandikwa: kilo 20.

"Ishirini kwa kumi na saba," alisema seremala. "Inabaki nafasi hata ya wewe kupanda."

Alifanya kazi yake vizuri, na hilo lisemwe kwa haki. Alitoboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu ili mti usipasuke, akazamisha skrubu sentimita sita ndani ya boriti yenyewe, si ndani ya dari, akapanga kapi moja juu ya usukani na jingine juu ya siti. Kibano akakiweka ukutani kimo cha kifua. Jumanne saa nne asubuhi Mzee Kilo alivuta kamba, na baiskeli iliyomhangaisha mpwa wake ikapaa taratibu, kwanza gurudumu la mbele, kisha la nyuma, mpaka ikakaa chini ya dari kama popo. Bega lake bovu halikuuma. Kamba ilibeba kazi.

Binti alipita chini yake akienda jikoni, akapita tena kurudi, mikono imepanuliwa. "Haya," alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Mzee Kilo hakuwa mtu wa kukiamini kitu kwa sababu tu kimesimama. Alichukua penseli ya seremala, akachora ukutani mstari mdogo mahali gurudumu la nyuma lilipofikia. Jumatano asubuhi gurudumu lilikuwa limeshuka upana wa kidole.

"Kamba mpya hunyooka," seremala alisema. "Kama ndoa. Ikaze."

Ikakazwa. Alhamisi asubuhi gurudumu la nyuma lilikuwa limeshuka tena nusu ya kidole, la mbele halikushuka hata unywele. Kamba ni moja, alijiambia Mzee Kilo. Ikinyooka, inanyooka kwa wote. Alileta kiti, akapanda, binti akishika miguu ya kiti na kunung'unika, naye akaitazama kulabu ya nyuma kwa karibu. Ilikuwa imeanza kufunguka. Si sana. Kama kidole cha mtu aliyeshika kitu kwa muda mrefu na hataki kusema kwamba amechoka.

Aliteremka. Akaishusha baiskeli polepole, akaiegemeza mahali pake pa zamani. Alijiona akiwa kitandani Jumapili alfajiri, akisikia chuma kikisukumwa ukumbini, kikisimama, kikisukumwa. Mtu mwenye miguu mizima akisikia mlio juu huruka pembeni. Mkewe angeinua kichwa tu.

"Pakiti inadanganya," alimwambia binti. "Ishirini haishiki kumi na saba."

"Ipeleke kulabu kwa muuzaji mwingine," alisema binti. "Yule mama wa duka la vyuma barabara ya juu. Anajua kulabu kuliko anavyojua wanawe."

Mama wa duka la vyuma alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na duka lake lilining'inia. Kila kitu humo kilikuwa kimetundikwa: ndoo, minyororo, majembe, hata kiti chake cha akiba. Alikuwa amesikia kila aina ya uongo kuhusu uzito, kwa sababu mteja anayenunua kulabu hupunguza uzito kama mwanamke anayeulizwa umri. Mtu husema ngazi yake ni nyepesi tu, kumbe ni ya mninga. Kwa hiyo hakuuza kulabu kwa maneno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka kulabu inayosema kweli." Akaiweka kwenye kaunta ile kulabu iliyofunguka.

Mama wa duka aliigeuza mara moja. "Hii ilibeba nini?"

"Baiskeli. Kumi na saba nukta mbili."

"Nani alipima?"

Swali hilo hakuwa ameulizwa tangu utawala wa meneja wa kwanza wa ghala. "Mimi."

"Baiskeli iko wapi?"

"Nyumbani."

"Mzee wangu, kulabu haijui kusoma karatasi. Niletee baiskeli."

Alirudi nyumbani akiwa na hasira ya mtu aliyeombwa kitambulisho mlangoni kwake. Akarudi nayo dukani akiisukuma. Mama wa duka akateremsha mnyororo kutoka kwenye boriti, akaweka mizani ya kuning'iniza upande wa siti na mkanda mtupu upande wa usukani, baiskeli ikaelea juu ya sakafu, sambamba, ikishikwa mbele na nyuma kama itakavyoshikwa darini. Kisha akabadilisha: mizani mbele, mkanda nyuma.

"Nyuma kumi na nne nukta mbili," alisoma. "Mbele tisa nukta nne. Jumlisha wewe, mimi nilifeli."

Mzee Kilo alikuwa amekwisha kujumlisha. Ishirini na tatu nukta sita.

Alisimama katikati ya duka lile linaloning'inia, na mkono wake wa kulia ukaanza wenyewe kuandika hewani. Akaufuata kwa macho. Jumla, ishirini na tatu nukta sita. Toa. Keria, tatu nukta moja. Stendi, moja nukta mbili. Mnyororo na kufuli, moja nukta nne. Pampu na mfuko wa spana, sifuri nukta saba. Safi, kumi na saba nukta mbili. Siku ile ukumbini mshale ulisema kweli, na yeye akaisoma kweli, kisha akatoa gunia. Hakuna aliyemwomba. Hakujua hata kwamba ametoa. Miaka thelathini na minane ilikuwa imetoa kwa niaba yake.

"Nilitoa gunia," alisema.

"Gunia gani?"

Akamweleza. Mama wa duka hakucheka, na Mzee Kilo alimshukuru kwa hilo baadaye. Alivua miwani tu akaifuta kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

"Na pakiti haikukudanganya yote," alisema. "Hiyo ishirini ni ya kulabu mbili. Kila moja kumi. Keria yako iko nyuma, basi ya nyuma ikabeba kumi na nne. Imevumilia kwa adabu tu." Akatoa kulabu nyingine, nene kama kidole gumba. "Mimi kanuni yangu ni uzito wa kitu mara mbili. Seti hii ni ya sitini, thelathini kila upande. Ya nyuma itabeba kumi na nne, na itakuwa inapumzika." Akaanza kumkabidhi. "Nani anapita chini yake?"

"Mke wangu. Anatoka hospitali Jumamosi. Anatembelea chuma."

Mama wa duka aliirudisha kulabu kwenye kaunta bila kumpa.

"Basi sikuuzii kwa ajili ya ukumbini," alisema. "Nikuuzie hata ya kilo mia, bado kamba huliwa na panya, na mtu husahau kufunga. Kitu cha kuning'inia huwekwa pale ambapo kikianguka kitaanguka peke yake."

Aliporudi nyumbani, binti alisikiliza habari yote amesimama, kisha akatoa hukumu yenye akili. "Lakini hesabu inasema ung'oe keria. Ukitoa keria na vikorokoro vyake, ni kumi na saba kweli. Hapo itakaa hata ukutani sebuleni, kwenye kulabu moja, nyepesi. Keria yenyewe unaitumia kubebea nini siku hizi?"

Siku hizi ilibeba mkate. Akatafuta spana namba kumi na tatu, akapiga magoti, akalegeza nati mbili za keria. Zilikuwa zimeshikana na kutu na ilibidi apumzike kati ya ya kwanza na ya pili. Mbili zilizobaki aliziacha kwa sababu saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imefika.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, amefungwa kitambaa kichwani, mkono wa kushoto, ulioanza tu kushika tena, umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Maneno yake yalikuwa yamerudi, lakini yalikuja mojamoja na kwa mbali, na yeye, aliyekuwa akimaliza sentensi za mumewe, sasa alisubiriwa. Mzee Kilo alimpa habari za nyumba. Alimwambia kuhusu seremala, kulabu, na mwanamke wa duka. Hakusema kwamba alitoa gunia. Hilo alilipitia pembeni. Alisema tu kwamba baiskeli ni nzito, kwa hiyo anang'oa keria.

Mkewe alifikiri. Muuguzi akapita, akarudi.

"Mimi," alisema mkewe. Akatafuta lililofuata. "Nitakaa wapi?"

Mzee Kilo alimtazama kuona kama ni mzaha, maana upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa bado unajua mzaha. Hakuona. Alikuwa ameuliza swali la mtu anayetaka kujua kiti chake kiko wapi. Kwa miaka arobaini na tatu alikuwa amekaa pale upandeupande, mkono mmoja kiunoni mwa mumewe, akimwambia barabara ina shimo baada ya wao kuingia shimoni. Daktari alikuwa amesema labda atatembea hadi getini. Kuhusu keria hakuna aliyemwuliza daktari.

"Utakaa kwenye keria," alisema Mzee Kilo.

"Eee," alisema mkewe, kama mtu aliyekuwa akishangaa kwa nini jambo dogo hivyo linajadiliwa.

Nyumbani alikaza nati zile mbili kabla hata hajavua viatu. Binti alimkuta akifanya hivyo. Akauliza kwa macho.

"Keria imo," alisema Mzee Kilo. "Tafuta mahali pa ishirini na tatu nukta sita."

Mahali palikuwa pamoja tu ndani ya nyumba ile ambapo hakuna mtu aliyepita wala kuketi: sebuleni, juu ya kabati refu la vyombo linaloziba ukuta wa ndani toka kona hadi kona. Tatizo lake halikuwa uzito. Sebule ile ilikuwa ya mkewe. Vikombe vya wageni vilikuwa humo, na kwa miaka yote hiyo baiskeli haikuruhusiwa hata kuingiza pua.

"Mama atasema sebule si gereji," alisema binti.

"Aseme. Nimemisi kusemwa."

Ijumaa seremala alikuja mapema, hajanywa hata chai, amenyong'onyea. Habari za gunia zilikuwa zimemfikia kupitia ukuta.

"Nilikuamini wewe kama msahafu," alisema. "Sasa sijui hata mimi nina umri gani. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Piga kazi."

"Napiga. Lakini leo nasoma sahani mwenyewe."

Waligonga dari ya sebule. Boriti humo zilikwenda kwa upande usiofaa: baiskeli ilitakiwa ilale sambamba na kabati, na makapi hayakuangukia kwenye mti. Seremala hakulazimisha. Alichukua ubao mgumu, unene wa vidole vitatu, wenye urefu wa kuvuka boriti tatu, akaufunga darini kwa bolti nene mbili katika kila boriti, na makapi akayafunga kwenye ubao huo, pale hasa yalipotakiwa kuwa. Uzito ukagawanywa kwa boriti tatu badala ya kuning'inia kwa mbili. Kulabu za mama wa duka, alizokubali kuziuza aliposikia ni za juu ya kabati, zikaingia. Kibano cha kamba kikawekwa nyuma ya mlango. Mwisho akaweka kipande cha mnyororo, kifupi, kutoka kwenye ubao, wa kuzungushwa kwenye bomba la juu baiskeli ikishapanda, ili siku mtu akisahau kamba, mnyororo usisahau.

"Sasa pandisha," alisema seremala.

"Bado," alisema Mzee Kilo.

Alitoka nje na gunia tupu. Akajaza mchanga wa ujenzi uliobaki kwa jirani, sepetu kwa sepetu, akitundika mizani, akipunguza, akiongeza, hadi mshale ukakaa mahali alipotaka. Mama wa duka, aliyekuwa amefunga duka saa ya mapumziko na kuja kwa kisingizio cha kuleta skrubu zilizopungua, alisimama mlangoni akamtazama.

"Ngapi?" aliuliza.

"Arobaini na saba nukta mbili. Mara mbili ya baiskeli."

"Na gunia?"

Seremala aligeuza uso ukutani. Binti alikohoa. Mzee Kilo alinyoosha mgongo wake wote wa miaka sabini na moja.

"Gunia limo," alisema.

Gunia wakalifunga kwenye kipande cha bomba na bomba likalazwa kwenye kulabu mbili, fundo likisogezwa nyuma zaidi kuliko mbele, kama keria ilivyo. Wakavuta watatu. Lilipanda, likasimama, likajizungusha kidogo kama mtu anayetazama nyumba ngeni, likatulia. Mzee Kilo alichora mstari wa penseli ukutani. Kisha akaweka kiti mbele ya kabati, akakaa, akalitazama gunia la mchanga kuanzia saa saba mchana. Alikula hapo. Alisinzia hapo. Saa kumi mpwa alipiga hodi kuuliza kama baiskeli iko tayari kuchukuliwa, binti akamwonyesha mzee na gunia, na mpwa, ambaye hakuelewa chochote, aliondoka kwa heshima.

Saa moja jioni Mzee Kilo alipanda kiti, akapima kutoka mstari hadi chini ya gunia. Kamba ilikuwa imenyooka upana wa punje ya mchele, mbele na nyuma sawasawa. Alipapasa kulabu ya nyuma kwa kidole gumba. Ilikuwa imefumba kama ngumi.

"Shusheni," alisema.

Jumamosi mkewe aliingia mchana. Binti alimshika kiwiko mlangoni, kisha akamwachia, kwa sababu hivyo ndivyo walivyoelekezwa. Chuma kikasukumwa, hatua, kikasukumwa. Ukumbi ulikuwa mweupe na mtupu kuliko alivyowahi kuuona tangu waingie nyumba ile, na katikati yake, juu darini, palikuwa na matundu manne madogo yaliyozibwa kwa gundi na chokaa. Alipita. Kushoto kukawa na ukuta, kulia kukawa na ukuta, na hakuna kilichomgusa. Hakugeuka chumbani. Alisimama kwenye mlango wa sebule.

Baiskeli ilikuwa juu ya kabati la vikombe, imelala hewani kimo cha dari, nyeusi, imepanguswa, mnyororo mfupi kiunoni, keria yake ikitazama mlango.

Mzee Kilo alisimama nyuma ya mkewe, akisubiri kusemwa.

Ilimchukua muda. Alitazama ubao, bolti, kulabu, kamba ilikopita. Alitazama keria. Halafu akaanza kutafuta maneno, na mumewe akainama kidogo ili yasipotee njiani.

"Kilo," alisema, "ngapi?"

Alikuwa amemsikia akiwatambia wageni uzito wa baiskeli ile kwa zaidi ya miaka arobaini. Kumi na saba, akiwaambia kila mara, kumi na saba na kitu.

"Ishirini na tatu nukta sita," alisema Mzee Kilo.

Upande wa kulia wa mdomo wa mkewe ukapanda.

"Imenenepa."

"Haikunenepa. Nilikuwa naitoa keria."

Aligeuza kichwa kumtazama, polepole, huku mikono yote miwili ikibaki kwenye chuma kama alivyofundishwa.

"Kwa nini?" aliuliza.

Mzee Kilo alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la ghalani, lenye tarakimu tatu, na aliliona jinsi lilivyokuwa dogo. Akaufunga.

"Njoo ukae," alisema, na akaenda kumvutia kiti, upande wa pili wa chumba, mbali na kabati.